Neno la Mchezo Kwenye Ripoti ya Mawese

Sentensi iliyomfukuza yule mama kutoka Bwiza niliiandika mimi. Niliiandika asubuhi, chai ikiwa pembeni, na nilipomaliza niliisoma mara mbili kwa sauti nikajipongeza. Nasema hivyo mapema ili msomaji asije akadhani nitajitetea huko mbele.

Miaka ile ya vikwazo Bujumbura, petroli ilipokuwa ikiuzwa kwa chupa na sukari ikitafutwa kwa kujuana, nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ndogo ya tafsiri, nyuma ya duka la vitambaa. Tulikuwa na taipureta mbili, meza tatu na mhuri mmoja. Mwenye ofisi alikuwa mzee aliyestaafu ualimu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Watu walituletea vyeti vya kuzaliwa, karatasi za mahakamani, barua za mirathi, na ripoti za mashirika yaliyokuja kutusaidia wakati tunauana. Vingi viliingia kwa Kifaransa vikatoka kwa Kiswahili.

Kazi yangu ya pili, ile niliyoipenda, ilikuwa kuandika mchezo wa redio. Ulikuwa mchezo wa upelelezi, robo saa kila wiki, na mimi ndiye niliyekuwa msimulizi wake. Sokoni nilikuwa nikifungua mdomo kuuliza bei ya nyanya, muuzaji anageuka na kusema, kumbe ni wewe. Nilipenda sana hilo. Siku nyingine nilipita sokoni bila kuhitaji nyanya.

Mwalimu hakuupenda mchezo wangu. Alikuwa na ulimi wa pilipili, na pilipili hiyo aliimwaga mbele ya wateja. Nikikosea alinisimamisha, akanifanya nisome kosa langu kwa sauti huku mtu aliyeleta cheti cha ndoa akisikiliza. Alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwingine. Kila neno lenye ndugu wengi aliliandika kwenye kikaratasi alichokata kutoka migongo ya fomu za zamani, na vikaratasi hivyo viliishi kwenye droo mbili. Droo ya kushoto ilikuwa ya hadithi, ya kulia ilikuwa ya hesabu na mahakama. Neno likitoka droo moja kwenda kufanya kazi kwenye nyingine bila ruhusa yake, alikata mshahara.

Wiki yangu ya kwanza alinifundisha ukoo wa kuficha. Kuficha, alisema, kuna mtu. Mtu huyo anajua kitu kiko wapi na hataki wewe ujue. Katika hadithi ndilo neno tamu kuliko yote, kwa sababu msikilizaji anaanza kumtafuta huyo mtu hapo hapo. Kwenye ripoti ya fedha usiliguse mpaka mhasibu mwenyewe ameandika kwamba anao ushahidi, maana kwake hilo ni shtaka. Kusitiri ni kuficha kwa huruma, kama unavyofunga mlango jirani asione kwamba leo hamjapika. Ripoti haina huruma, basi neno hilo halina kazi kule. Kugubika ni kufunika gubigubi, kichwa na miguu, na ni neno la ukungu na shuka na maiti, liache kwa watunzi. Kujigeuza ni kwa mwizi aliyevaa kanzu ya shehe. Tarakimu haijigeuzi, alisema. Mtu ndiye ameiandika kwenye mstari usio wake, kwa hiyo andika hivyo: matumizi haya yaliandikwa mahali pasipo pake, kisha nyamaza.

Nikamuuliza kuhusu kinyago, kwa sababu wahasibu wa Kifaransa wanapenda kuandika "masquer", yaani kuvika kinyago. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowesha. Akasema kwa mhasibu neno hilo halina sura wala mdomo. Tarakimu moja imesimama mbele ya nyingine, basi, ile ya nyuma haionekani. Hakuna aliyeisimamisha pale. Kwa Kiswahili sema haikuonekana, na useme kwa nini haikuonekana. Ukiweka kinyago, msikilizaji atataka kukivua, na nyuma yake atataka kukuta uso wa mtu.

Niliyajua yote hayo. Nilikuwa nayajua kwa miaka mitatu.

Yule mama alikuwa msimamizi wa ushirika wa wauza mawese. Wanawake wa mitaa ya Bwiza na Buyenzi walikuwa wameunganisha fedha zao kununua mafuta kutoka Rumonge, kusini mwa mji, na yeye ndiye aliyepokea mapipa kwenye ghala lao na kuwagawia wayauze rejareja. Alikuwa mjane, mnene kiasi, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kufuta mikono kwenye kitenge hata ikiwa mikavu. Shirika lililowapa mtaji lilimtuma mhasibu kukagua vitabu vyao. Akakagua siku nne, akaandika kurasa tisa za Kifaransa, akaondoka kwenda Gitega kukagua wengine.

Mama ndiye aliyetuletea ripoti. Siku hiyo Mwalimu alikuwa Kanyosha kwenye mazishi, na miaka ile mtu akienda mazishini hukumwekea saa ya kurudi. Mama akaketi mbele yangu, akaniambia wanachama wengi hawajui Kifaransa, na kwamba ripoti itasomwa kwao Jumamosi, na wameomba niisome mimi kwa sababu wanapenda sauti yangu. Nikachekelea. Kisha akasema kwamba mhasibu alimweleza kwa mdomo kilichomo na yeye amekubali, ila angependa niandike kama kilivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Aliyasema kwa upole. Mimi nilisikia ni mtu asiyejua kazi ananifundisha kazi, na nikakasirika kimoyomoyo.

Ripoti yenyewe ilikuwa kavu kama muhogo wa juzi. Jambo lake kubwa lilikuwa moja. Ushirika ulikuwa unahesabu fedha tu, hauhesabu mafuta. Mwisho wa kila mwezi kisanduku kilikuwa na faranga karibu zile zile, na wote wakaridhika. Lakini bei ya mawese ilikuwa inapanda kila mwezi kwa sababu ya vikwazo na ya barabara, kwa hiyo mapipa machache yalileta fedha ile ile iliyoletwa zamani na mapipa mengi. Mhasibu alilinganisha mafuta yaliyonunuliwa Rumonge na mafuta yaliyouzwa Bwiza, akakuta yanayofika ni pungufu. Akaandika kwamba kupanda kwa bei kume-"masquer" kupungua kwa mafuta. Akashauri kuanzia sasa wahesabu kwa lita, kwenye kupakia na kwenye kupokea. Hakuandika jina la mtu. Hakuandika wizi. Neno lao la kuficha kwa makusudi, "dissimuler", ambalo mhasibu huliandika akiwa tayari kwenda nalo mahakamani, halikuwemo mahali popote kwenye zile kurasa tisa.

Nilitafsiri kurasa tatu za mwanzo kama Mwalimu alivyotaka, na usingizi ukanishika. Nikawaza wale wanawake wamekaa juani wakisikia lita na faranga. Nikawaza wanavyonisubiri. Wamezoea kunisikia nikisema, na nani alikuwa amesimama nyuma ya pazia? Nitawaletea hii? Nikafika kwenye ile sentensi ya bei, nikaandika hivi:

"Nyuma ya kinyago cha bei, upungufu wa mafuta ulifichwa kwa ustadi mkubwa."

Kwa ustadi mkubwa. Hayo sikuyaona kwenye Kifaransa hata kwa bahati mbaya, niliyatoa kichwani mwangu kwa sababu sentensi ilitaka mkia. Nikapiga mhuri mwenyewe, na nikaenda kula.

Jumamosi asubuhi wanawake kama hamsini walikusanyika uani mwa ghala, wengine wamekalia madumu yaliyopinduliwa. Mwalimu alikuja pia. Alialikwa kama mzee wa kuheshimiwa, akapewa kiti chenye mgongo mstari wa mbele, na hakuwa ameiona ripoti. Mama aliketi kwenye benchi kando yangu, daftari zake za ghala mapajani.

Nilisoma kurasa za mwanzo nao wakawa wanapiga miayo na kunyonyesha watoto. Nilipokaribia ile sentensi nilifanya ninavyofanya studio. Nilishusha sauti. Nikangoja kidogo. Kisha nikaisema.

Miayo ikakoma. Sijawahi kuwa na wasikilizaji wazuri vile, wala kabla wala baadaye. Mwanamke mmoja mrefu, muuzaji wa muda mrefu, akasimama bila kuomba nafasi.

"Ni nani alificha?" akauliza.

Hakuniuliza mimi, aliuliza uani kote, lakini macho yote yalikuja kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi. Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema samahani mama zangu, nimetafsiri vibaya, hakuna aliyeficha, ni bei tu. Maneno kumi tu. Nikamtazama Mwalimu. Alikuwa ameinua uso, na niliona kwamba ameshajua. Mtu aliyesoma ripoti za wahasibu miaka ishirini anajua kwamba mhasibu haandiki kinyago wala ustadi. Alikuwa ananingojea. Nikajiona nikisimamishwa mbele ya wanawake hamsini wanaonipenda, nikisoma kosa langu kwa sauti kama nilivyosomeshwa mbele ya mwenye cheti cha ndoa.

Mama akageuka kwangu polepole. Hakuonekana na hofu bado, alionekana kama mtu aliyedhani amesikia vibaya.

"Dada," akasema kwa Kiswahili cha Bwiza, "umesoma vile baliandika?"

"Ndiyo, Mama," nikamjibu. "Vile baliandika."

Nimekaa na jibu hilo miaka mingi, na nimelitafutia kila aina ya nguo. Nimejiambia kwamba kwenye karatasi yangu ndivyo ilivyoandikwa, kwa hiyo sikusema uongo. Upuuzi. Nilisema uongo kwa sauti nzuri, mchana kweupe, kwa sababu sikutaka kuaibika.

Nilimtazama tena Mwalimu, na yeye akatazama viatu vyake. Hapo niliona faraja, na ni aibu kuisema: nilifurahi kwamba mzee naye ni mwoga.

Mama alijaribu kujibu mwenyewe. Alifungua daftari akaanza kusoma mapipa mwezi kwa mwezi, akieleza kwamba aliandika kila kilichomfikia, na kwamba yeye huyapokea ghalani tu, haendi Rumonge. Walimwacha asome kidogo. Mtu akamuuliza kama yamepakiwa na hayakufika, yalikwenda wapi? Mama akapitisha macho uani, kama mtu mwenye la kusema anayeangalia ni nani yuko pale. Wanawake wakaanza kusema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wakakumbuka bati jipya la jikoni kwake. Mmoja akakumbuka kwamba huwa hapendi watu waingie chumba chake cha ndani, na hakuna mwanamke Bwiza aliyependa watu waingie chumba chake cha ndani.

Kabla ya adhuhuri vijana wa mtaa walikuwa wamekwenda nyumbani kwake. Vijana hao hawakuwa polisi wala askari. Walikuwa ni wale waliojipa kazi ya kulinda mtaa, na kila mtu aliwaogopa na kuwapa bia. Waliambiwa kuna mafuta yamefichwa, na kitu kilichofichwa kina maficho. Wakavunja sakafu ya jikoni. Nilipata habari hiyo jioni na nikajua mara moja ni kwa nini jikoni: katika mchezo wangu, miezi michache nyuma, mpelelezi alikuta fedha chini ya mafiga. Walichimba mpaka kifuani kwa mtu. Hawakupata hata chupa.

Ungedhani hapo ndipo mambo yangeisha. Lakini nimesema, neno lenyewe ni la hadithi, na katika hadithi kitu kisipopatikana ina maana kimeshahamishwa na mtu mwerevu zaidi. Kama mafuta hayako chini ya jiko basi yamekwenda porini, kwa waasi, na mama anawalisha wale wanaotupiga mabomu kutoka milimani. Alikuwa hajafanya lolote tangu asubuhi ila kukaa kwenye benchi na kusoma daftari zake, na kila hatua ilimfanya kuwa mhalifu mkubwa kuliko ile ya nyuma. Vijana walimpiga kwa mchi wa kutwangia, wakamvunja mkono wa kushoto. Masufuria yake wakagawana wanawake wa ushirika, kufidia mafuta.

Jumatatu alikuja ofisini. Mkono ulikuwa umefungwa kwa vipande vya mbao na kanga, uso umevimba upande mmoja. Alikuwa na ile ripoti ya Kifaransa aliyoitoa sijui wapi, imekunjwa mara nne. Hakuketi nilipomwonyesha kiti. Akaweka noti mezani, bei yetu halali ya ukurasa mmoja, akamwambia Mwalimu kwamba anataka sentensi moja tu itafsiriwe upya na kupigwa mhuri, ampelekee mkuu wa mtaa.

Mwalimu aliichukua, akavaa miwani, akasoma. Ilimchukua muda mrefu kwa sentensi fupi. Kisha akamrudishia noti yake, akamwambia kwa adabu zote kwamba ofisi haiwezi kutoa tafsiri mbili za karatasi moja. Mhuri ni mmoja. Ukisema mara mbili mambo mawili, kesho hakuna mahakama itakayouamini, na vyeti vyote tulivyowahi kutoa vitakuwa takataka. Alimwita "mama yangu", ingawa alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi.

"Mi siko naomba muhuri tena," mama akasema. "Naomba munisomeye tu. Mi mwenyewe nisikie."

Mwalimu akasukuma karatasi upande wangu wa meza, akatoka nje kuvuta sigara. Hiyo ilikuwa adhabu yangu, na aliichagua vizuri.

Nikamsomea. Nikamwambia inasema bei ilipanda, kwa hiyo kupungua kwa mafuta hakukuonekana. Akauliza ni nani amefanya kusionekane. Nikamwambia hakuna, ni bei tu. Akataka nirudie hapo, nikarudia. Akaniuliza kama siku ile nilikuwa najua. Nikasema ndiyo.

Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru. Badala yake akafuta mkono wake mmoja kwenye kitenge, akanieleza mafuta yalikwenda wapi. Kutoka Rumonge mpaka Bwiza kulikuwa na vizuizi vya barabarani, Kanyosha vikizidi, Musaga vikifuata, na kila kizuizi kilidai dumu. Wenye bunduki mchana walikuwa wengine na wenye bunduki alfajiri wengine, na wote walikula mawese. Dereva alitoa. Asingetoa asingefika. Mama alijua, mhasibu aliambiwa akaelewa, na wakakubaliana kwamba haiandikwi, kwa sababu kumwandika mwenye kizuizi ni kumuua dereva. Ndiyo maana sentensi ya mhasibu ilikuwa kavu vile. Alikuwa amechagua neno lisilo na mtu ndani yake kwa makusudi, akamsitiri dereva na yule mama pamoja, na mimi nikalifungua nikaweka mtu.

"Siku ile baliniuliza yalienda wapi," akasema. "Ningesema, na yule kijana wa kamioni angekufa. Saa hii we utaenda kubaambia? Wale bamama banakupenda."

Nikamwambia nitafikiri. Mtu akikwambia atafikiri, ameshafikiri. Akaikunja karatasi yake kwa mkono mmoja, akiishikilia mezani kwa kiwiko cha mkono uliovunjika, na sikunyanyuka kumsaidia. Sijui kwa nini sikunyanyuka. Wiki haikuisha akavuka mpaka kwenda Uvira, ng'ambo ya ziwa, kwa dada yake, na nyumba yake ikachukuliwa na mmoja wa wale vijana.

Mwalimu aliporudi ndani siku ile aliniambia jambo moja tu, kwamba nimemvunja mtu mkono kwa kupenda makofi. Nikamjibu kwamba yeye ameuacha uvunjike kwa kupenda mhuri. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu. Hakukata mshahara. Tuliendelea kufanya kazi chumba kimoja miaka mingine minne, tukisaidiana karatasi na kaboni, na hatukuwahi kulitaja tena.

Sasa nije kwenye jambo baya zaidi, maana hilo la mwanzo mtu anaweza kuliita uzembe. Mwezi uliofuata mkutano ule wa Jumamosi, redio ilitaka visa vipya na mimi sikuwa na kitu. Nilikaa mbele ya taipureta siku mbili, kisha nikaandika kisa cha mwanamke mlinzi wa ghala anayeficha mafuta. Nilimpa bati jipya. Nilimpa sauti ya chini na tabia ya kufuta mikono mikavu. Nilimpa chumba cha ndani kisichoingiwa, na kwenye sehemu ya nne nikampa maficho, kisima kikavu, kwa sababu jiko lilikuwa limeshatumika. Mpelelezi alimvua kinyago mbele ya wanawake wote. Nilijua ninachofanya. Kama kwenye redio ameficha, na mtaa mzima umesikia kwamba ameficha, basi mimi sikukosea kusoma Jumamosi ile. Nilikuwa natengeneza ushahidi wangu mwenyewe, nikilipwa.

Hakuna kisa kilichopendwa kama kile. Wanawake wa ushirika walinisimamisha njiani kunishukuru, wakisema nimesema ukweli wao. Yule mrefu aliyeuliza ni nani alificha alinipa chupa ya mawese bure, na nilipika nayo.

Mawimbi ya redio yetu hayakuishia Bujumbura. Jioni, ziwa likiwa limetulia, Uvira walitusikia vizuri kuliko watu wa Kanyosha. Hilo nilikuwa nalijua, barua za wasikilizaji zilitoka huko kila wiki. Sikulifikiria hata kidogo nilipokuwa naandika.

Sehemu ya mwisho ilipokwisha kutangazwa, alikuja ofisini mchuuzi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, mwanamke wa Uvira anayevuka kila juma na magunia yake. Alikuwa na haraka, gari la kukodi linamngoja. Akauliza ni nani hapa anasimulia mchezo. Nikasema ni mimi, na nikanyoosha nywele, nikidhani ameleta sifa. Mwalimu alikuwa mezani kwake. Mchuuzi akasema ametumwa na mama mmoja mwenye mkono uliopinda, anayekaa nao ua mmoja, na kwamba mama huyo aliwakusanya wote ua mzima kusikiliza kila sehemu mpaka mwisho, na hakuwaambia kwa nini.

"Amesema nikuambie amesikia yote," mchuuzi akasema. "Amesema mule ndani ya mchezo, lile neno la kuficha umeliweka mahali pake."

Kisha akaenda zake kwenye magunia yake.